Malaika wa Paji la Uso

Basi letu lilifia mlangoni mwa saluni. Dereva alishuka, akafungua boneti, akatazama ndani kama mtu anayemuaga marehemu, kisha akatangaza kuwa kipuri kitafika kesho. Nimesafiri vya kutosha kujua kesho ya dereva ina siku ngapi. Nikachukua mkoba, nikaruka mtaro, nikaomba kivuli.

"Karibu, mjomba," alisema msichana aliyekuwa akisuka, macho yake hayakutoka kwenye kichwa kilichokuwa mbele yake. "Ila hapa huna lako. Kichwa chako kilishahitimu."

Wateja wakaangua kicheko. Kipara changu kilianza kabla sijafika miaka ishirini na mitano, sawasawa na cha baba na cha babu mzaa mama.

Walimwita Sindano. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alisuka mistari myembamba hivi kwamba mteja mmoja aliniapia unaweza kuipitisha kwenye tundu la kifungo. Saluni ilikuwa ya shangazi yake, mwanamke mnene wa sauti, mwenye kilemba asichokivua, aliyekaa karibu na dirisha akichambua nywele za bandia. Kulikuwa na viti vitatu, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, beseni la kuoshea, na rafu yenye kichwa cha plastiki kisicho na macho. Chumba cha kulala nilipata juu, kwa fundi simu. Mchana nilirudi chini, maana huko ndiko maneno yalikokuwa.

Nilijifunza neno moja siku hiyo ya kwanza. Vile vinywele laini vinavyoota kwenye mpaka wa uso na kichwa, pale saluni waliviita malaika. Na ustadi wa nyumba ile, uliowaleta watu kutoka mitaa ya mbali, ulikuwa "kukamata malaika": kuvivuta vyote, hata kile kisichozidi ukucha, na kuviingiza kwenye msuko ili paji la uso libaki safi kama sahani. Mteja akikunja uso, shangazi alikuwa na jibu moja.

"Ukiuma ndio umekaa, mwanangu. Msuko usiouma ni kilemba."

Siku ya pili umeme ulikatika. Pangaboi likasimama, joto likatukalia mabegani. Sindano alikuwa na wigi lenye nywele zilizoshuka hadi kwenye nyusi. Akasuka mstari, akajikuna. Akasuka mwingine, akajikuna tena. Mwishowe akaingiza vidole chini ya wigi, akalibandua kwa sauti ya gundi inayoachia, akalivisha kichwa cha plastiki.

Watu wakamgeukia. Nywele zake zilikuwa zimerudi nyuma vidole viwili kutoka kwenye paji, na juu ya masikio palikuwa peupe. Zilizobaki zilikuwa chache kiasi cha kuona ngozi ya kichwa.

"Vaa," alisema shangazi.

"Linawasha, shangazi."

"Vaa kwanza, liwashe baadaye. Nani atasukwa na mtu aliyenyonyoka kama kuku wa sherehe?"

"Kinyozi hajinyoi," alijibu Sindano, na akaendelea kusuka kichwa wazi.

Jioni hiyo, akiosha vichana, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Amesukwa na shangazi tangu ana miaka sita. Usiku wa kwanza baada ya kusukwa alilala ameketi, ameegemea ukuta. Asubuhi paji lilikuwa na vipele, akapewa kidonge cha maumivu, akaenda shule akiwa na macho yaliyovutwa. Alipofika sekondari, malaika walianza kukatika.

"Unajua tulifanya nini, mjomba? Tulisema hawakukamatwa vizuri. Tukakamata wa nyuma yao. Wakakatika na hao. Tukarudi nyuma tena. Tulikuwa tunamfukuza mwizi kwa kumfungulia milango." Akakung'uta kichana. "Halafu wigi, ili kuficha. Wigi lina gundi, gundi inang'oa waliobaki. Mimi ni msusi, lakini hesabu hiyo ilinichukua miaka mitatu."

Na sasa kulikuwa na jambo jipya. Wiki chache zilizopita nywele zilianza kutoka kichwa kizima, si mbele tu. Akioga, beseni linajaa. Akiamka, mto una nywele kama umelaliwa na paka. Shangazi alimpa chupa ya mafuta ya kuotesha, kisha ya pili, kisha maji ya kitunguu, mpaka mto ukanuka kama jikoni. Hofu yake ilikuwa moja tu, na hakuipamba: kwamba zimekwenda na hazirudi.

"Alhamisi kuna daktari wa ngozi hospitali kubwa," alisema. "Nitakwenda."

"Watu wanakwenda huko wakiwa wanakufa," alisema shangazi kutoka dirishani. "Wewe unapeleka nywele. Watakucheka mpaka foleni isahau ugonjwa."

"Wacheke. Wakimaliza kucheka watanitazama kichwa."

Alhamisi alirudi saa nane mchana. Aliingia bila wigi, bila kitambaa, akavuta kiti katikati ya chumba, akanikalisha mimi niwe mgonjwa, na yeye akawa daktari. Wateja wawili walikuwa chini ya mashine ya kukaushia. Wakaizima wasikie.

"Kwanza hakunigusa," alisema. "Ameuliza tu. Zimeanza lini? Zinatoka na mizizi au zinakatika? Mama yako ana nywele? Unakula nini? Unatumia dawa gani? Siku zako zinakuja vipi? Nikamwambia zinakuja kama bomba limepasuka, siku saba. Akaandika. Akauliza, miezi mitatu iliyopita uliumwa?"

"Homa ya matumbo," alisema shangazi polepole. "Wiki mbili kitandani."

"Nilipomwambia hivyo akaitikia kwa kichwa. Anasema homa kali, au upasuaji, au kujifungua, au kujinyima chakula, mwili unazituma nywele nyingi kupumzika kwa pamoja. Hazianguki siku hiyo. Zinaanguka baada ya miezi miwili, mitatu, wakati wewe umeshasahau ulikuwa unaumwa. Ndiyo maana mtu analaumu mafuta, analaumu jirani."

Mteja mmoja, ambaye juzi alikuwa amemlaumu jirani, akaangalia kucha zake.

"Na hizo zinarudi?" niliuliza.

"Zinarudi zenyewe, nusu mwaka hivi au zaidi kidogo, kama hakuna kingine kinachozizuia. Nywele hamsini, mia kwa siku, anasema ni kawaida ya kila mtu. Ndipo akanitoa damu, aone akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo. Kanikataza kununua vidonge kabla ya majibu."

Akanishika kichwa, akakiinamisha kwenye mwanga wa mlango.

"Halafu akachukua kioo chake chenye taa, akatazama hapa mbele. Tundu kwa tundu. Hapa, kasema, vitundu vya nywele viko wazi, ukiacha kuvuta watarudi. Lakini hapa..." Vidole vyake vilitoka kwenye kipara changu, vikaenda juu ya sikio lake mwenyewe. "Hapa ngozi inang'aa. Kovu. Vitundu vimeziba. Ungekuja miaka mitatu nyuma, kasema. Hapa hawarudi."

Shangazi alikuwa ameacha kuchambua nywele.

"Nililia pale pale," alisema Sindano. "Halafu nikanywa maji, nikamuuliza, na kipara cha wanaume? Maana kuna mjomba mmoja kwetu. Kasema huo ni urithi mara nyingi, unaweza kuanza hata kabla ya miaka ishirini, na wapo wanawake pia. Kuna dawa za kuchelewesha, mtu akiwahi. Wewe, mjomba, umeshachelewa mabasi mawili."

Walicheka, naye akacheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya sikio.

Jumatatu majibu yalitoka: tezi nzima, akiba ya chuma chini. Akapewa vidonge, dawa ya kupaka mbele, na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Tangu siku hiyo alisuka mistari iliyolegea mbele, akiwaacha malaika nje. Wateja wengine walilalamika kwamba paji limekuwa kama la mtu aliyetoka kuamka. Aliwajibu, "Bora umetoka kuamka kuliko umetoka kunyonyolewa." Shangazi alivumilia, huku midomo imebana.

Basi letu bado lilikuwa limelala mlangoni wakati mama mmoja alipoingia na binti wa miaka kumi na minne, mwenye sare ya shule. Kesho yake kulikuwa na picha za darasa. Binti alipovua kofia tukaona doa la mviringo nyuma ya utosi, ukubwa wa kifuniko cha chupa, lenye magamba na vinywele vilivyokatika kama mabua. Alikuwa akijikuna.

"Tutasuka mistari ipite juu yake," alisema shangazi, akivuta kiti. "Hakuna atakayeona. Sindano, njoo."

Sindano aliinama, akatazama bila kugusa.

"Hilo si la msusi," alisema. "Mama, lina muda gani?"

"Mwezi. Lilikuwa dogo."

"Lenye magamba na kuwasha, mara nyingi ni mapunye. Sijui, mimi si daktari. Lakini kama ndiyo, dawa ya kupaka peke yake haitoshi, atapewa ya kumeza, na likiachwa linaweza kuacha kovu. Mpeleke leo. Na kichana chake asishirikiane na mtu."

"Na picha je?" aliuliza mama.

"Apigwe na kofia. Au apigwe hivyo hivyo. Doa liko nyuma, picha hupigwa mbele."

Binti alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Shangazi hakucheka.

"Saluni hii ni ya nani?" aliuliza.

"Yako, shangazi."

"Basi suka."

"Sisuki."

"Sindano, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kichana."

"Ndiyo. Na kichwa ulichofundishia ni hiki." Akageuza upande ule unaong'aa, ukamwelekea shangazi. Hakusema kwa ukali. "Sikulaumu. Na wewe malaika wako walikamatwa. Lakini mimi siwakamati wa mtu tena, wala sifichi kinachotaka daktari. Huyu ana miaka kumi na minne, bado vitundu vyake viko wazi."

Mama akamrudishia binti kofia. Wakatoka, wakaelekea upande wa hospitali.

Shangazi alisimama katikati ya chumba. "Kama husuki ninachosema, hapa huna kiti."

"Nimekuelewa, shangazi."

Sindano akafungua droo. Akatoa vichana vyake, kimoja kimoja, vile vilivyooshwa na kukaushwa, akavifunga kwenye taulo. Akachukua kigoda chake kidogo cha kukalia. Alikuwa ameshazungumza na mshona nguo wa mtaa wa pili, aliniambia akipita, kibaraza chake kina nafasi ya wateja wawili. Kumbe alikuwa ameshapiga hesabu hii kabla ya sisi wote.

"Utaandika nini pale kibarazani?" nilimuuliza.

"Msuko Usiouma. Wanaotaka kuumia wanajua njia ya kuja huku."

Alipofika kizingitini shangazi akapaza sauti. "Umesahau wigi lako!"

"Mwachie huyo wa plastiki," Sindano alijibu bila kugeuka. "Yeye hana malaika wa kupoteza."

Akaruka mtaro, kigoda kichwani, akaenda zake katikati ya barabara, jua likimpiga juu ya masikio yote mawili. Wapita njia walimtazama. Aliwasalimu.

Mimi nilibaki kwenye kiti, nikisubiri kipuri. Shangazi alikaa dirishani, akachukua nywele za bandia, akaziweka chini. Kisha akainua mkono, akaupitisha taratibu chini ya ukingo wa kilemba chake, kutoka sikio hadi sikio, kama mtu anayetafuta kitu gizani.