Riba ya Mlipaji Mwema

Kila mwisho wa mwaka benki ilimpa Mama Mikate kalenda. Ya kwanza ilikuwa na picha ya familia imejibwaga kwenye kochi inacheka, watu wenye meno ya kutosha na dalili zote za kutodaiwa na mtu, na chini yake maneno, "Kwetu, wewe ni zaidi ya mteja." Aliitundika karibu na oveni, mvuke ukaikunja ile familia mtu mmoja mmoja. Ya pili aliitandika chini ya trei. Alikuwa amekwisha kufahamu kwamba ukiwa zaidi ya mteja, nacho unacholipa huwa ni zaidi.

Alikopa milioni arobaini kununua oveni kubwa na mashine ya kukandia, akaweka rehani hati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Miaka saba, riba asilimia ishirini na tatu kwa mwaka. Rejesho lilikuwa laki tisa na sitini na mbili elfu, tarehe tano ya kila mwezi. Yeye alilipeleka tarehe tatu. Mvua inyeshe, jua liwake, mtoto augue, tarehe tatu Mama Mikate yuko dirishani na noti zake zimefungwa kwa raba, zinanuka hamira. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia mikate yake, na mikate yake ilikuwa mizuri.

Miezi thelathini ikapita hivyo. Kisha bei ya ngano ikapanda, ikakataa kushuka. Alipiga hesabu kwa penseli juu ya gunia tupu, akapiga tena, na kila alipopiga zilipungua elfu themanini kwa mwezi. Bei ya mkate hakuweza kuigusa, kwa kuwa upande wa pili wa barabara kulikuwa na mwokaji mwingine anayemwombea mabaya usiku na mchana. Palibaki mahali pamoja pa kukata, napo ni kwenye mishahara.

Wafanyakazi aliokuwa nao ni wawili. Mmoja ni msambazaji, aliyepeleka mikate madukani kwa pikipiki. Watu walimwita Kelele, na jina halikumwonea. Kelele alichelewa, alilalamika, alitishia kuacha kazi kila mvua iliponyesha, na kwa miaka mitatu alikuwa ameongezwa mshahara mara mbili ili anyamaze. Wa pili alikuwa Mkandaji, mtu mzima, mpole, mwenye mikono kama makasia. Alifika saa kumi kasorobo alfajiri, akapima unga, akakanda, akasafisha mashine, akaenda zake. Miaka tisa. Kumwondoa Kelele ni kubaki na mikate isiyofika madukani. Mkandaji kazi yake angalau mashine iliweza kufanya nusu, na nusu nyingine angeifanya mwenyewe Mama Mikate, mgongo ukimruhusu. Basi akaamua kwamba mwisho wa mwezi Mkandaji angeondoka. Hakumwambia. Gunia lenye hesabu aliliacha pale pale karibu na mashine, na Mkandaji alijua kusoma.

Aliyembadilisha mawazo alikuwa jirani yake muuza misumari, mtu aliyekopa benki ileile na kulipa anapokumbuka.

"Riba? Mimi nalipa kumi na nane," alisema jirani, akipima misumari kwenye mizani. "Walinishushia mwaka jana."

"Wewe? Uliyechelewa mara nne?"

"Mara tano. Nilikwenda pale nikawaambia nahamia benki nyingine, na barua ya hao wengine ninayo mkononi. Wakaogopa. Kwani wewe hukuomba?"

Mama Mikate alirudi kwake na moyo uliochacha. Hakulala vizuri siku ile. Si kwamba alimwonea wivu jirani, au alimwonea kidogo tu. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amejipanga foleni miezi thelathini kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, na mwalimu mwenyewe hakuwa akiangalia darasa.

Lakini alikuwa mfanyabiashara, na hasira hakuitumia ovyo. Kwanza aliomba benki yake taarifa ya mkopo, karatasi inayoonyesha kila rejesho na salio lililobaki. Salio lilikuwa milioni thelathini na mbili na ushee. Akaipeleka benki ya pili, akawaonyesha na mauzo yake ya mwaka. Walimwandikia barua ya ofa, asilimia kumi na sita. Vijana wa pale walimpa na soda. Aliinywa bila kuwaamini, kwa sababu mapenzi ya kuposa si mapenzi ya ndoa. Akauliza gharama zote za kuhama, akaziandika. Ndipo akaenda kwenye benki yake.

Afisa mikopo alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na kiti kinachozunguka. Alikizungusha sana.

"Mama, riba haibadiliki hivi hivi. Imepangwa na mfumo."

"Mfumo huo una simu, mwanangu? Niupigie."

Kijana alicheka kwa adabu. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayekufanyia hisani. "Tufanye hivi. Ongeza mkopo. Nikikuongezea milioni kumi, naweza kukuombea kumi na tisa."

"Nimekuja na jipu, wewe unataka kunipa la pili ili la kwanza lisiniume."

"Ni fursa, Mama."

"Kaa nayo. Mimi nadai punguzo kwa deni nililonalo. Nimelipa miezi thelathini, sijaruka hata mmoja. Mtu wa namna hiyo hana hatari kwenu. Sasa kwa nini mnanitoza riba ya mtu wa hatari?"

Swali hilo halikuwa kwenye mafunzo yake. Kijana akaigeukia kompyuta, akaperuzi, na ghafla uso ukamng'aa.

"Rekodi yako nzuri, Mama, sikatai. Ila kuna doa. Mwezi wa tisa mwaka jana, malipo yameingia tarehe sita. Umechelewa siku moja. Kamati ya mikopo ikiona hilo, itasita."

Hapo ndipo Mama Mikate alipotoa mkobani kopo la hamira. Waliokaa kwenye foleni wakageuza shingo. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi thelathini, zimefungwa kwa raba, kila moja ina unga pembeni. Hakuna mtu aliyemfundisha kuzitunza humo. Alizitunza humo kwa sababu panya hawapendi hamira. Akapekua, akatoa moja.

"Soma."

Kijana akasoma. Muhuri wa benki, saini ya karani wa dirishani, tarehe tatu, Ijumaa.

"Siku hiyo mtandao wenu ulikatika," alisema Mama Mikate. "Karani alipokea fedha, akapiga muhuri, akasema ataziingiza mtandao ukirudi. Ukarudi Jumatatu. Ninyi mmechelewa, doa mmelipaka kwangu. Lifute, na unipe barua kwamba limefutwa."

Kijana alikunja stakabadhi, akaikunjua, akaenda kuitoa nakala. Aliporudi hakukizungusha tena kiti.

Ndipo alipowekewa mezani barua ya benki ya pili. Aliisoma taratibu, akajaribu silaha yake ya mwisho. "Umefikiria gharama za kuhama, Mama? Ukilipa mkopo kabla ya muda, sisi tunatoza asilimia tatu ya salio."

"Na wao ada ya kuandaa mkopo, na mthamini wa nyumba, na kusajili rehani upya. Jumla milioni mbili na nusu. Kwa punguzo lao, fedha hiyo itarudi baada ya miezi ishirini na moja. Mimi nimebakiza hamsini na minne. Nitaisubiri kwa raha zangu. Ila sipendi usumbufu, kwa hiyo nawapa nafasi. Nishushieni hadi kumi na sita, bila ada ya kubadili mkataba. Ombi lenyewe hili hapa, nimeliandika. Nigongee muhuri kwenye nakala yangu."

Aligonga. Nakala ikaingia kwenye kopo.

Siku kumi baadaye kamati, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona, ilikubali kumi na saba, ada imesamehewa. Mama Mikate alikwenda kusaini nyongeza ya mkataba, akaisoma yote huku kijana akitazama saa. Alihesabu miezi kwa kidole, maana benki huweza kukupunguzia rejesho kwa kukurefushia kamba. Miezi ilikuwa ileile hamsini na minne. Rejesho jipya laki nane na hamsini na saba elfu. Limepungua kwa laki moja na elfu tano kila mwezi. Elfu themanini zimezibwa, na chenji inabaki. Mkandaji habanduki.

"Hongera, Mama," alisema kijana, akimpa kalenda ya mwaka ujao. "Unaona, sisi tunawajali wateja waaminifu."

"Miezi thelathini yote mlikuwa mnanijali wapi? Mbona hakuna aliyenipigia simu?"

Kijana alimtazama kwa mshangao wa kweli, na huo ndio uliomuudhi zaidi. "Mama, hukuwahi kulalamika. Tulidhani umeridhika."

Njia nzima alilitafuna neno hilo. Hukuwahi kulalamika. Yaani mtu akikutendea vyema bila makeke, malipo yake ni kusahauliwa, na anayekusumbua ndiye anayekatiwa kipande kinono. Watu wa kupigwa viboko, alijisemea, hawana haya, hawana macho. Alifika kwake bado anawasema.

Mkandaji alikuwa anasugua mashine. Gunia lenye hesabu lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa kwenye rafu, upande wa maandishi kwa ndani.

"Kaka," alisema Mama Mikate, akikaa juu ya debe, "benki wameshusha. Hesabu ile uliyoiona, isahau. Unabaki."

"Nashukuru, Dada." Akaendelea kusugua.

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Biashara ni yako."

Alimwangalia yule mtu, na kwa sababu siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimejaa miezi na tarehe, akajikuta anahesabu. Mara ya mwisho kumwongeza ilikuwa kabla ya mashine. Kabla ya mkopo. Kelele, tangu wakati huo, mara mbili.

"Mshahara wako haujapanda miaka minne," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Mkandaji alikamua kitambaa, akakitundika. "Nilidhani unaona ninavyofanya kazi."

"Kaka, wewe hukuwahi kulalamika. Mimi nilidhani ume..."

Neno liliishia hapo. Sauti aliyoisikia haikuwa yake, ilikuwa ya kijana wa tai nyembamba, na ilitoka kinywani mwake bila hata kujikwaa. Alitazama kalenda mpya mapajani, familia mpya, meno yaleyale, akaona haya kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye chungu cha jirani.

Akachukua penseli, akalikunjua gunia. Juu ya gunia, chini ya hesabu ya kumfukuza, akaandika elfu ishirini na tano, chenji yote ya ushindi wake, akapiga mstari chini yake.

"Kuanzia mwezi huu," alisema. "Na mwaka ujao unikumbushe."

"Nikukumbushe?"

Mama Mikate aliinuka kwenye debe. "Hapana," alisema. "Usinikumbushe. Kazi hiyo ni yangu."

Aliitundika kalenda karibu na oveni, akazungushia duara tarehe moja ya mwezi wa kumi na mbili, akaandika pembeni: Mkandaji.