Wageni Wanne kwa Gari Moja

Kabla ya kurudi Dongobesh kumwangalia mama, nilifanya kazi Karatu kwenye kampuni ya utalii. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kupanga safari. Wageni wengi walikuwa wakitoka Ngorongoro wakiwa na siku mbili tatu za ziada, wananiuliza waende wapi, nami nawapeleka walikokwenda wenzao. Upande wetu, Mbulu na Hanang, hakuna aliyewapeleka. Nikawa na wazo la kuwaleta huku, wazo lililoninyima raha.

Mwenzangu katika jambo hili alikuwa kijana wa Katesh anayeongoza wapanda mlima Hanang. Tulitumia kiangazi kizima kutengeneza njia yetu. Mgeni anachukuliwa Karatu asubuhi, anapanda hadi Mbulu, anashuka Yaeda Chini na kulala huko usiku mbili kwenye mahema ili atembee porini na wawindaji wa Kihadzabe kwa mpango tuliokubaliana nao wenyewe. Kisha anakuja Dongobesh, analala kwa familia ya wakulima, anapita Basotu kuona ndege ziwani, anafika Katesh, anapanda mlima, na mwisho anarudishwa Arusha kwa barabara ya lami kupitia Babati. Tuliandika kila hatua: anakula wapi, anajisaidia wapi, nani anamtafsiria, akiugua anakimbizwa hospitali gani.

Wawekezaji watatu walikubali kuja Katesh kutusikiliza. Walikuwa mzee mwenye hoteli Arusha, mama mwenye magari ya kukodisha, na bwana mmoja aliyestaafu benki. Tuliwaandalia ukumbi wa nyumba ya wageni. Walisema watafika saa tatu. Walifika karibu na saa sita.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mwenye hoteli.

"Marahaba binti yangu. Tuna haraka, saa nane tunageuza. Hebu ruka hayo ya safari, nenda kwenye hesabu."

Safari yenyewe ndiyo iliyokuwa inaeleza hesabu. Lakini nikaruka.

Nikawaeleza kwamba gharama zetu ni za aina mbili. Gari, mafuta, dereva na mwongozaji hulipwa hivyohivyo, awe mgeni mmoja au wanne. Chakula, kulala, ada za hifadhi ya msitu na malipo ya vijiji huongezeka kwa kila kichwa. Kwa bei tuliyopanga, gari likibeba wageni wawili tunapata hasara, watatu tunarudisha gharama, wanne ndipo faida inapoonekana.

"Na kwa mwaka watakuja wangapi?" akauliza bwana wa benki.

Swali hilo nililitegemea. Nikasema sitaki kuchukua wageni wote wa Ngorongoro halafu nidai sehemu ndogo yao ni wetu. Wengi wao tiketi ya ndege na siku zao zimeshafungwa, hawana nafasi hata wakitaka. Wateja wetu ni wale waliokuja Tanzania kwa mara ya pili, wapenda kutembea kwa miguu, watazama ndege, na vikundi vya Watanzania wanaopanda milima wakati wa sikukuu. Nilikuwa nimezungumza na mawakala wa Arusha. Watatu walisema watajaribu kundi moja au mawili msimu wa kwanza. "Na kujaribu si oda," nikasema. "Kwa hiyo msimu wa kwanza nahesabu makundi machache tu."

Bwana wa benki akafunga kalamu yake. "Dada, umetuita kutuomba fedha au kututisha?"

Mwenye hoteli akacheka. Akasema kuna vijana wengine wamewaletea andiko la loji kando ya ziwa mahali pengine, na wao wameonyesha vyumba vimejaa tangu mwaka wa kwanza. Nikamuuliza vimejazwa na nani. Akasema, "Hilo si juu yako."

Mama wa magari alikuwa akisoma karatasi zetu. Akainua kichwa. "Gari la kushuka Yaeda umelipigia hesabu za siku za kiangazi tu. Mvua zikianza?"

Nikajibu kwamba wakati wa mvua tungefunga.

"Mtafunga, sawa. Lakini mvua ya kwanza haipigi hodi. Gari likikwama na wageni ndani, linavutwa na nini? Springi zikikatika, wageni wanaendelea na gari gani? Hapa hujaweka kitu."

Alikuwa sahihi, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha yule mzee. Fedha ya dharura niliyoweka ilikuwa ya soda. Nikamwambia, "Hapo nimekosea, mama. Nitarekebisha."

Ndipo mzee akageukia dirisha, akamuuliza mwenzangu kwa nini tumepanga kuwapandisha wageni mlimani kwa upande wa Giting, wakati njia ya Jorodom iko hapahapa mjini. "Isitoshe," akasema, "pale mlima ulipoporomoka ukafukia nyumba watu wangependa kuona. Jengeni kibanda, wekeni picha, mgeni alipie."

Mwenzangu alikuwa amezika ndugu zake baada ya maporomoko yale. Wawekezaji hawakujua, na mimi nilimwangalia nikiogopa atanyanyuka. Hakunyanyuka. Alisema taratibu, "Mzee, pale ni kwa watu. Kuna waliojenga upya na kuna ambao hawakupatikana. Mimi siwezi kusimama pale nikakusanya viingilio."

"Biashara haina machozi, kijana."

"Basi hiyo si biashara yangu."

Bwana wa benki akatazama saa, akatushukuru, akasema watawasiliana nasi. Chakula tulichowaandalia hawakukigusa, wakasema watakula Babati.

Tulirekebisha gharama. Tuliongeza gari la akiba, tukapandisha bei, tukawatumia upya. Kimya. Nilipopiga simu, bwana wa benki alisema wameamua kuweka fedha zao kwenye loji ya ziwani. Nilikasirika siku nyingi. Nilimkasirikia hata mwenzangu bila sababu, nikamwambia angeweza kumjibu yule mzee kwa ulaini kidogo. Mpaka leo najuta kidogo tu, maana nilikuwa nimechoka.

Aliyerudi ni mama wa magari. Alipiga mwenyewe. Hakutaka hisa. Alisema atatukodishia gari lenye dereva anayeijua Yaeda, mgeni akishalipa ndipo tumlipe, tuone.

Kiangazi kilichofuata wakala mmoja alituletea kundi la watu wanne. Wiki ya kuondoka, wawili wakaahirisha. Nilikaa na mwenzangu tukabishana. Mimi nilitaka tuahirishe, yeye akasema tukiwaacha hawa wawili wakala hatapiga tena. Tukaenda, kwa hasara tuliyokuwa tumeieleza wenyewe mbele ya watu. Wageni walifurahi. Bibi mmoja mzungu alikaa jikoni kwa familia ya Dongobesh mpaka wakamfukuza kwa utani akalale. Mlimani walipanda taratibu, wakashuka salama.

Baadaye wakala akapiga. Akasema wageni wamesifu kila kitu, na angetaka kuleta makundi mengine, ila bei ni kubwa. "Mnaweza kutoa lile gari la akiba kwenye hesabu?"

Nilimwambia nitampigia. Nikaenda shambani kupalilia vitunguu saumu vya mama, nikang'oa magugu kwa hasira mpaka mama akaniuliza nagombana na nani. Jioni nikampigia wakala, nikamwambia gari la akiba halitoki. Akasema atafikiria. Bado anafikiria.