Swali la Nne Lililorudi la Pili

Wewe ungeandika nini, kama karatasi ya mtihani inakuamuru uzunguke palepale mpaka muda uishe?

Mama Utaratibu ni mfagizi wa hospitali. Jina hilo alipewa na wenzake wa wodini, maana hupiga deki kuanzia dirishani kuelekea mlangoni, na ukikanyaga sakafu mbichi anaanza upya. Kila jioni alikuja darasani kwangu, darasa la watu wazima, akinuka dawa ya sakafu. Alitaka kufaulu sayansi ili apokelewe kozi ya uuguzi msaidizi. Alishafeli mara mbili, na kozi haipokei aliyefeli mara tatu.

Siku ya mtihani nilipangwa kuwa msimamizi. Ukurasa wa pili ulikuwa na michoro ya viumbe na maswali ya ndiyo au hapana ya kuwatambua. Maelekezo yalisema: fuata hatua, usikisie, onyesha njia uliyopita.

Mama Utaratibu alianza vizuri. Konokono hana miguu yenye viungo, akaishia swali la kwanza. Panzi, kwa miguu sita, la pili. Buibui, kwa minane, la tatu. Swali la nne liliuliza kama kila pingili ya mwili ina jozi moja tu ya miguu. Ndiyo: tandu. Akabaki jongoo, ambaye pingili zake nyingi zina jozi mbili. Hapana, basi. Lakini penye hapana, badala ya jina, palichapwa: "Nenda swali la 2."

Akaenda. Miguu sita? Hapana. Minane? Hapana. Jozi moja? Hapana. Nenda swali la 2. Akafuta, akahesabu tena kwa ncha ya penseli.

"Shemeji, andika tu," fundi baiskeli, mwanafunzi mwenzake, alimnong'oneza kutoka nyuma. "Mdudu mwenyewe si unamruka kila mvua ikinyesha?"

"Wamesema tusikisie."

"Haya, endelea kumzunguka. Atachoka yeye."

Nikawanyamazisha, nikamwita mkuu wa kituo mlangoni.

"Mzee, karatasi ina kosa."

Akasoma, akavua miwani. "Kweli swali lina kosa. Una ruhusa ya kulisahihisha?"

"Wewe je?"

"Sina, kijana. Andika ripoti."

Ripoti! Mtu anazama mbele ya macho yetu, nasi tunaambiwa tuandike barua kuhusu kina cha maji. Nikarudi ndani, mikono mfukoni, nikapita nyuma ya Mama Utaratibu, ambaye bado alikuwa akihesabu. Kengele ilipolia, kurasa zake zilizobaki zilikuwa nyeupe.

"Mwanangu," aliniambia akinikabidhi, "nimekosea wapi?"

Niliiweka karatasi yake juu ya nyingine.

Kesho yake asubuhi nilimfuata hospitalini. Alikuwa anapiga deki ukumbini. Mgonjwa mmoja akainua miguu juu ya benchi.

"Mama, nini hicho kinatambaa?"

Hata hakuinama. "Jongoo tu, baba. Hana neno."

Akamzoa kwa kizoleo, akamtoa nje. Aliporudi alikuta nyayo zake mwenyewe kwenye sakafu mbichi, akaanza upya kutoka dirishani.