Ukuta Nilioufuta

Ukuta ule niliusugua mimi mwenyewe, mara mbili, kwa majivu na brosi, na nilikuwa nimekwisha kupanga bei.

Ilikuwa wakati wa Katanga kujitenga na Kongo, mji wetu wa Lubumbashi ukiitwa bado Elisabethville. Mimi nilikuwa nikikata majani huko Kasungami, pembeni mwa mji, na kuyauza kwa mafungu. Mnunuzi wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja aliyetunza viboko wawili madume kwenye shamba la Mzungu. Mzungu mwenyewe alikwisha kukimbilia Rhodesia. Mzee alibaki, hakuna aliyemwambia aondoke.

Kila dume lilikuwa na bwawa lake la saruji, na katikati kulikuwa na njia ya mbao yenye mlango. Wiki ile mizinga ililia mpaka masufuria yakacheza jikoni, na bwawa la dume dogo likapasuka. Asubuhi lilikuwa limebaki tope. Kiboko akikaa juani ngozi yake hupasuka, kwa hiyo ilibidi ahamie kwa mkubwa siku ileile.

Sajini wa kizuizi cha barabarani kilichokuwa karibu akasikia habari, akaja na bunduki yake.

"Wakipigana tu, mimi napiga ule mudogo," akasema. "Baaskari bangu beko na njaa."

Nikahesabu. Kiboko mmoja, nusu ya mafungu. Nikahesabu tena, jibu likawa lilelile.

Mzee alipokwenda kutafuta kamba ya kuvutia mlango, nikautazama ukuta wa bwawa la dume kubwa. Ulikuwa umepakwa mavi toka chini mpaka juu ya kichwa changu, na vichaka vya pembeni vilevile. Nikawaza: mgeni atanusa hapa na kuogopa. Afadhali akute nyumba safi. Dume lenyewe likiwa limezama upande wa mbali, nikasugua, nikamwaga maji, nikasugua tena.

Mzee aliporudi, kamba ilimtoka mikononi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesafisha. Tutaelewana bei."

"Bei gani! Umeondoa alama ya mwenye maji! Sasa ule mudogo ataingia kama hapa hapana mutu, na ule mukubwa atamutoboa na meno."

Akanieleza huku akizunguka huku na huku, mkono wake ukiigiza. Mkia wa kiboko ni mfupi na bapa kama kasia. Dume akitoa mavi, anaupiga kulia na kushoto upesi sana, mavi yanaruka mbali, na mkojo unarushwa nyuma pamoja nayo. Ndivyo anavyotangaza sehemu yake ya maji na njia zake za kwenda malishoni.

"Na ule mudogo atafanya nini?" nikauliza.

"Kama iko na akili, atageuza matako mbele ya mukubwa na kutupa vilevile. Ni kusema: ni wewe mukubwa, mimi sitafuti vita."

"Jambo moja, maana mbili?"

"Angalia nani anageukia nani. Mengine mimi sijue, mama. Mimi si kiboko."

Tukangoja dume kubwa litie alama yake upya kabla ya kufungua mlango. Jua lilipanda. Sajini alitazama saa, akafungua bunduki, akaifunga, akaifungua tena. Nikatupa fungu moja la majani chini ya ukuta, bure, na mtu anayenijua ataelewa hali ilivyokuwa.

Dume kubwa likatoka majini. Halikugusa majani. Likanusa ukuta uliolowa, likatembea, likarudi, likanusa. Kisha likageuka. Nilianza kuhesabu mapigo ya mkia, nikapoteza hesabu baada ya ishirini. Ukuta wangu ukarudi kama ulivyokuwa, na shati la sajini likapata sehemu yake.

"Mama yangu!" akapiga kelele. "Nani atafua hii?"

"Mimi," nikasema. "Tutaelewana."

Mzee akavuta mlango. Dume dogo likaingia taratibu, likanusa ukuta na kusimama. Kubwa likafungua kinywa, nikaona meno yote. Sajini akainua bunduki.

Dogo likateremsha kichwa. Likageuka polepole, matako kwa mwenyeji, na mkia ukaanza: pa-pa-pa-pa. Mavi yote yakampata mkubwa usoni.

"Sasa imetukana baba yake!" sajini akasema.

"Ngoja, chefu," mzee akasema. "Ngoja tu."

Kubwa likanusa. Likafunga kinywa, kama mwenye duka aliyeridhika na bei, likarudi majini. Dogo likaingilia upande wa pili na kuzama mpaka puani.

Tukasimama pale mpaka jua likashuka, hakuna aliyesema tuondoke. Nilihesabu pua juu ya maji: mbili. Nikahesabu tena. Sajini akatundika bunduki begani na kuvua shati.

"Unasemaje kwa kufua?"

Nikataja bei. Akacheka, akataja nusu. Mzee alichukua brosi yangu, akaifungia ghalani, na hakunirudishia mpaka leo.