Gome Halina Haraka

Mimi nilisoma. Hilo niliandike kwanza, kwa sababu ndilo lililokaribia kunikosesha mtoto.

Nilifika kidato cha pili katika shule ya misheni ya wasichana. Huko tulifundishwa kazi za nyumbani na bibi mmoja wa Kizungu aliyeamini kwamba Mungu aliumba dunia kwa siku sita, na ya saba badala ya kupumzika akaumba birika. Jani la chai, alituambia, halichemshwi kamwe. Unalimwagia maji yanayotokota, unafunika, unangoja dakika tano. Anayechemsha ni mshenzi. Niliandika hayo daftarini na kupigia mstari, nikaolewa nayo.

Mama mkwe wangu hakusoma, na yeye alichemsha kila kitu. Gome, mzizi, jani, vyote vilitupwa katika chungu kimoja, wazi bila kifuniko, vikachemka mpaka maji yanakuwa meusi na nyumba nzima inanukia. Alipenda harufu ile. "Unasikia?" alikuwa akisema. "Hiyo ndiyo nguvu ya dawa." Ilikuwa nguvu ya dawa kweli, ikitoka mlangoni na kwenda zake kwa majirani.

Basi serikali ya kikoloni, kwa huruma yake ya kututenga na wapiganaji wa msituni, ikatutoa mashambani kwetu na kutupa kijiji kizuri huku karibu na Runyenjes. Kilikuwa na handaki pande zote, na ndani ya handaki miti iliyochongwa ncha, tusije tukachoshwa na uhuru wa kutembea. Vibanda vilibanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kambini. Tulibaki wanawake watatu katika kibanda kimoja: mama mkwe, mimi, na binti yangu wa miaka minne, ambaye alianza kukohoa wiki ya kwanza na hakunyamaza.

Kifua chake kilikuwa kinakoroma kama sufuria ya uji mzito. Mchana kutwa tulichimba handaki, saa kumi tukarudi, na jua likikaribia kuzama kengele ikalia: mioto yote izimwe. Homugadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde, walipita wakipiga milango kwa virungu wakitafuta moshi. Na kuni? Tulifunguliwa lango kwenda kutafuta kuni mara mbili kwa wiki, chini ya bunduki. Kwa hiyo moto wetu ulikuwa wa kuivisha uji na basi.

Kwa mwuza dawa sokoni tulikuwa tumepata gome la muthiga, lile linalowasha ulimi kama pilipili, na nyuma ya kibanda kulikuwa na kivumbasi kimeota chenyewe. Sote wawili tulijua hizo ni dawa za kifua. Tuligombana juu ya kuzitengeneza tu.

"Maitu," nikamwambia mama mkwe, "kuni hazitoshi kuchemsha. Shuleni tumefundishwa kuloweka. Maji moto, kifuniko, dakika tano."

"Shuleni kulikuwa na miti?" akaniuliza.

Nikaloweka gome. Vipande vizima, vikubwa kama vidole. Baada ya dakika tano nikapata maji yenye rangi ya chai ya mgeni asiyependwa. Nikamnywesha mtoto siku nne. Hakulalamika hata kidogo, na hiyo peke yake ingenifungua macho, maana muthiga wa kweli hakuna mtoto anayeunywa bila kulia. Mama mkwe naye, kwa kunishinda, akachukua kivumbasi na kukichemsha wazi mpaka kengele. Kibanda kilinukia vizuri sana. Kikombeni mlikuwa na maji machungu yasiyonukia kitu. Tulikuwa wasomi wawili, kila mmoja na shule yake, na mtoto katikati anazidi kukonda.

Siku ya tano nilipangwa kuchimba karibu na kituo cha homugadi. Pale alikuwa akiuza chai mama mmoja Mwislamu, mke wa mchinjaji wa sokoni, ambaye hati yake ya kusafiri haikuwa na matatizo kama zetu. Nilikuwa nachimba na kumtazama. Alitwanga tangawizi, akaitia kwenye maji baridi, akaacha vichemke polepole huku akipiga gumzo. Muda mrefu. Kisha akaepua sufuria, na hapo tu ndipo akatia majani ya mnanaa na kufunika haraka kama anayefunika kifaranga.

Nikaacha jembe. "Mama, mbona mnanaa hukuuchemsha na tangawizi?"

Akanitazama kuanzia matope ya miguuni mpaka kichwani. "Wewe si ndiye yule msomi? Jani ni jepesi, mwanangu, roho yake iko juu juu. Ukilichemsha roho inatoka na mvuke. Mzizi ni mgumu, roho yake iko ndani, haitoki kwa kubishiwa hodi. Uichemshe mpaka ichoke."

"Na gome?"

"Gome ni jani?"

Nilitaka kujizika katika handaki nililokuwa nachimba. Nikamweleza habari ya mtoto, na ya kuni, na ya kengele. Akaelekeza kidole chake kwenye jiko lake. Kijiji kizima moto mmoja tu ndio ulioruhusiwa kuwaka kutwa, nao ulikuwa moto wa chai ya homugadi.

Kesho yake nilikuja na gome nimelipondaponda, majani ya kivumbasi, na kopo la maji. Akaliweka pembeni ya moto wake, likachemka taratibu karibu nusu saa, maji yakawa ya rangi ya udongo wetu. Mkubwa wa homugadi akaja kutaka chai, akaona magome.

"Hii ni nini? Mnapika kiapo cha watu wa msituni hapa?"

Watu walikuwa wamepotea kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nikasema, "Ni dawa ya kifua ya mtoto wangu."

"Kunywa."

Nikanywa. Iliniwasha koo mpaka masikioni. Naye, kwa ushujaa wa watu wenye bunduki, akachukua kopo na kupiga funda kubwa. Machozi yakamtoka mbele ya watu wake wote.

"Kiapo chenyewe kikali, bwana mkubwa?" mama wa chai akamwuliza kwa upole. "Nikuongezee sukari?"

Akakohoa, akatema, akaondoka zake. Nikaliepua kopo, nikatia majani machanga ya kivumbasi, nikafunika kwa jani la mgomba na kukimbia nalo nyumbani.

Mama mkwe alifunua, akanusa. Safari hii harufu ilikuwa kikombeni. "Umechemsha," akasema.

"Nimechemsha, Maitu. Na nimefunika."

Alitia asali kidogo, tukamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, naye akalia kwa hasira mpaka nikafurahi. Tulifanya hivyo kila siku. Siku ya tatu makohozi yakaanza kutoka, na wiki ilipoisha alikuwa anagombania uji. Nusu saa ya moto, basi. Hicho ndicho mtoto wangu alichokuwa ananyimwa, na mpaka leo sijasikia mtu akiomba radhi.

Mkubwa wa homugadi ndiye aliyenishangaza. Alikuja na kikombe chake, akakohoa kwa adabu. "Ile dawa. Nami nina kifua."

Nikamhurumia. Nikamtilia vipande vizima vya gome, nikamwagia maji moto, nikafunika, na kuhesabu dakika tano kamili kama nilivyofundishwa na bibi yule.

Akanywa yote. "Leo umeitengeneza vizuri," akasema. "Haichomi hata kidogo."

"Asante, bwana mkubwa," nikamjibu. "Mimi nilisoma."