Alama za Goti Moja Juu ya Paa la Zahanati

Mtaa mzima ulimwita Fundi Jua, na mwenyewe aliitika kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifunga paneli za umeme wa jua juu ya mapaa ya watu. Ukitaka kumharibia siku, sema tu mbele yake kwamba umeme wa jua ni wa kuwashia taa mbili na redio. Ubishi wake, jamani, ulikuwa wa mtu anayeijua kazi yake na anayejua kwamba anaijua, na hakuna ubishi mbaya kuliko huo.

Aliyemweza ni mmoja tu, mkewe, na kumweza kwenyewe kulikuwa kwa kumcheka. Mama yule ndiye aliyekuwa akiosha paneli za zahanati kila Jumamosi. Vumbi likitanda umeme hupungua, na umeme ukipungua watu husema fundi kafunga vitu vibovu. Hakutaka mumewe asemwe. Basi akajitwika kazi hiyo bila kuombwa, akapanda ngazi na ndoo yake na tambara lake, ingawa mguu wake wa kushoto ulikuwa haukunjiki sawasawa tangu alipovunjika akiwa msichana.

Siku ya kwanza aliogopa kukanyaga vioo. Safu ya juu haifikiki mpaka ujiegemeze kwenye safu ya chini, naye akasimama pembeni akisita. Fundi, akiwa chini anashika ngazi, akamcheka kwa sauti mpaka wagonjwa wakageuka. Akamwambia kioo kile kimepikwa, hakivunjwi na mawe, sembuse yeye. Apige goti asugue. Na kweli, kwa miaka yote minne aliyoosha kioo hakikuvunjika hata kimoja.

Miaka miwili iliyopita presha ilimchukua mama yule ghafla. Asubuhi alikuwepo, jioni hayupo. Fundi alizika, akarudi kazini siku ya nne, na tangu hapo ubishi ukampungua. Watu wakadhani ni uzee.

Kazi ya kuosha ikaenda kwa mwanamke wa usafi wa zahanati, mjane mwenye watoto wawili, mtu wa sauti ndogo. Mwaka huu pampu ya maji ikaanza kusuasua hata saa sita mchana jua likiwa utosini, na friji ya chanjo ikawa inapiga kengele. Sista, mkuu wa zahanati, hakuwa na haja ya uchunguzi. Alikuwa amemwona yule mjane kwa macho yake, mguu mmoja juu ya paneli, akivuta tambara la brashi yake lililonasa. Akamwambia Fundi waziwazi: ukiandika kwamba paneli zimekanyagwa, mwisho wa wiki huyu anarudi nyumbani.

Fundi akaazima kamera ya joto kutoka chuo cha ufundi, akafika saa tano, mbingu haina wingu. Akaomba pampu iwashwe, friji iwe inafanya kazi, na kila kinachokula umeme kiendelee kula. Paneli isiyotoa umeme haikuambii ugonjwa wake. Lazima uikute inafanya kazi ndipo ijisaliti. Mjane akashika ngazi.

Fundi alianzia nyuma ya paneli, kwenye visanduku vidogo ambamo nyaya hutokea. Viwili vilikuwa salama. Cha tatu kifuniko kilikuwa na ufa, plastiki imekuwa rangi ya chai, na kwenye kamera kiliwaka kupita wenzake wote. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, viungo vikaota kutu, joto likapanda. Zingepita mvua nyingine mbili, moto ungeanzia hapo, na chini yake ni dari ya mbao na chini ya dari ni wodi ya wazazi. Akaizima safu ile, akafunika paneli yake kwa turubai, akaikata. Hilo lilikuwa la mvua, halikuwa la mtu.

Kisha akageukia upande wa mbele. Alisimama kimshazari, maana ukiielekea paneli uso kwa uso kioo hukurudishia joto la mwili wako, ukaandika ripoti ya kitambi chako mwenyewe. Safu ya juu ilikuwa na rangi moja, tulivu. Safu ya chini, kwenye kila paneli, seli moja ilikuwa inawaka nyeupe. Seli ndani ya kioo ni nyembamba kama ganda la yai: kioo huvumilia uzito, yenyewe hupasuka kimya, na iliyopasuka hushindwa kupitisha umeme wa wenzake, ikachemka.

Akainama kuziangalia kwa macho. Vijistari vya kahawia vilikuwa vimetambaa juu ya nyufa, na vile havitokei kwa wiki wala kwa mwezi. Hilo, pamoja na brashi ya mpini mrefu ambayo yule mjane huoshea akiwa pembeni, lilimtosha kujua si zake. Lakini hakuinuka. Alama zilikuwa zimepangana toka mwanzo wa paa hadi mwisho, zikiachana urefu wa mkono wa mtu anayesugua kisha akasogea. Mtu akipiga magoti huacha alama mbili. Hapa kila mahali ilikuwa moja, ya goti la kulia.

Alikaa pale juu muda mrefu. Mjane akauliza kutoka chini kama mzee kapatwa na jua. Hakumjibu, maana alikuwa akilia, na mtu wa umri wake hapendi kujibu huku analia.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Sista. Angeweza kuandika "uchakavu" akaondoka zake. Mjane angebaki na kazi na marehemu angebaki na sifa zake. Lakini uongo wa ripoti ndio kitu pekee alichowahi kumpigia mwanafunzi wake kelele. Akaweka picha mezani, akazieleza moja moja: seli zilizopasuka zamani, vistari vya kahawia, goti moja.

"Ni mke wangu," alisema. "Na aliyemwambia apige goti ni mimi. Huyu dada hana kosa."

Sista alizitazama picha zile moja moja. Alikuwa mwanamke mkali, lakini si mbaya. Mwishowe akasema dada yule atabaki, na paneli zitashushwa. Kisha akavua miwani.

"Fundi, alikuwa akija kwangu kila Jumamosi akishuka. Goti limevimba, namfunga bendeji, nampa dawa ya maumivu. Akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua tu utamkataza kupanda."

Fundi alijaribu kukumbuka Jumamosi hata moja aliyomuuliza mkewe kama amechoka. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa akitoka nje jioni, anainua macho kwenye paa, anatafuta mahali palipobaki vumbi.

"Nisingemkataza, Sista," alisema. "Ningemwambia asugue na pembeni."