Jina la Adongo kwenye Webina

Maximilla Namalwa alikuwa karani wa chama cha wafanyabiashara wadogo mjini Eldoret, na kazi aliyoionea fahari kuliko zote ni ile ambayo hakuna aliyewahi kumshukuru kwayo. Webina, yaani semina ya mtandaoni, ikisharekodiwa, yeye ndiye aliyeipandisha Yutubu na kuiandikia maelezo: kichwa, majina ya wasemaji, mada ya kila mmoja na dakika inapoanzia, kiungo cha kupakua makaratasi ya mafunzo, na mwishoni kiungo cha kundi la WhatsApp kwa wenye maswali.

"Video bila maelezo ni duka bila kibao," alipenda kusema. "Utauzia nani, nzi?"

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alikata majina ya pili. Msemaji aingie na majina yake yote kama mtu wa heshima, atatoka kwa Maximilla akiwa Linah tu, au Cyril tu. Mwenyekiti, Mzee Nicanor, alidhani ni mtindo wa vijana, ingawa Maximilla mwenyewe ujana ulikuwa umeshamuaga.

Haukuwa mtindo. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kwenye barabara ya Soy, alisimamishwa na vijana waliokuwa wakisoma vitambulisho. Jina la kwanza hawakulijali. La pili, lililotaja kabila, ndilo lililoamua nani apite. Yeye akapita. Mwanamume aliyemfuata hakupita, na Maximilla hakuthubutu kugeuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo, jina la pili la mtu aliliona kama jambo la kufichwa, na mwaka wenyewe akauita "changamoto".

Ndipo 2021, corona ikiwa imehamishia mikutano kwenye simu, akaja kuzungumza Joyline Adongo, fundi wa sare za shule kule West Indies, mtaa wa hapo hapo Eldoret, kavaa wigi jipya kwa ajili ya kamera. Alieleza duka lake lilivyochomwa katika ghasia zile zile na jinsi alivyoanza tena na cherehani ya kuazima. Alikubali kuzungumza kwa sababu moja, na hakumficha Maximilla. Mwenzake wa duka, Warigia, alikimbia Januari ile na namba yake ikafa.

"Huyo ni mtu wa biashara, lazima anaangaliaga hizi vitu," Adongo alisema. "Akiniona tu, atanitafuta."

Maximilla akaandika: "Webina ya Tatu: Kukabili Changamoto. Msemaji: Joyline, fundi nguo."

Miezi ikapita kimya. Waliotazama walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa Mzee Nicanor, aliyependa sana hotuba yake ya ufunguzi. Asubuhi moja Adongo akaingia ofisini na simu mkononi, uso umefura kama andazi.

"Namalwa, nimejitafuta nikajikosa. Nikiandika Adongo naletewa wacheza mpira! Huyu Joyline ni nani? Hiyo ni jina ya ubatizo, hata mama yangu hajui kuiita. Warigia ataniita Joyline tangu lini?"

Maximilla akausoma tena ule mstari aliouandika. Alijisikia vibaya kweli kweli. Alikuwa amemficha Adongo asionekane na yule mtu mmoja aliyetakiwa kumwona.

"Nilikuwa nakuchunga, Mama," alisema polepole.

"Najua. Sasa wacha kunichunga, uniweke jina."

Wakaketi pamoja. Maximilla akaandika jina zima, kisha akaandika 2008. Mzee Nicanor akachungulia.

"Maximilla, hiyo mwaka utaamsha mambo imelala."

"Mzee," Adongo akamjibu, "kwangu haijawahi lala."

Mzee akakumbuka ghafla kwamba chai yake inapoa.

Adongo akataka na jina la Warigia liwekwe, kubwa. Hapo Maximilla akakataa katakata. "Wewe umenipea ruhusa. Yeye hajanipea. Mlikuwa mnaita duka yenu nini?"

"Dada Wawili."

Kichwa kikawa: "Adongo wa Dada Wawili, West Indies: kushona tena baada ya 2008." Mada akazipanga upya kuanzia 0:00, maana bila sifuri ya kwanza video haigawanyiki sehemu. Akagundua kwamba hata makaratasi ya hesabu ya bei za sare alikuwa ameyafungia, kila anayebonyeza aombe ruhusa. Akayafungua kwa yeyote mwenye kiungo. Kile cha WhatsApp akakijaribu kwa simu ya Adongo, kikafunguka.

Wiki zikapita tena, na Maximilla akaanza kuogopa kwamba amefungua jina la mtu bure. Kisha, wanachama wakibishana kuhusu bei ya uzi kwenye kundi, namba ngeni ikajiunga na kutuma ujumbe wa sauti. Maximilla akakimbilia West Indies na kumwekea Adongo sikioni.

"Dada Wawili nimeitafuta kila mwaka," sauti ya mwanamke ilisema. "Adongo, nilidhani walikuua." Akavuta pumzi ndefu. "Na hiyo wigi, wewe, nani alikudanganya?"